Kodi ya zuio: iliyokatwa haijapotea, ila kwa asiye na cheti

Wiki hii tunajibu barua ya ndugu yetu mmoja wa Muleba, anayefanya kazi ya ushauri wa hesabu na ripoti za miradi. Hana mwajiri. Anao wateja kadhaa katika Bukoba na Muleba, na kila kazi inapokamilika humwandikia mteja ankara. Anasema mwaka 2024 alimpelekea mteja mmoja ankara ya shilingi 8,000,000, benki ikaingia 7,600,000. Alipouliza, mhasibu wa mteja alimjibu kwa maneno mawili tu: "Tumekata kodi." Basi akaamini kuwa amekwishalipa kodi yake. Ulipofika wakati wa kuwasilisha ritani, akaambiwa bado anadaiwa. Anauliza: je, mtu hulipa kodi mara mbili kwa jasho moja?

Jibu fupi ni kwamba sheria haikukusudia alipe mara mbili, lakini anaweza kujikuta amelipa mara mbili kwa kutoshika karatasi moja. Jibu refu tutalieleza kwa hesabu zake mwenyewe, tukiwa tumezisawazisha kidogo ili zisomeke kwa urahisi na mwenyewe asitambulike. Viwango tunavyovitumia ni vya mwaka wa mapato 2024.

Tuanze na maana ya jambo lenyewe. Kodi ya zuio si aina ya kodi iliyo mbali na kodi ya mapato. Ni njia ya kuikusanya. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, inamtaka mlipaji wa malipo ya aina fulani azuie sehemu ya malipo hayo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, kwa jina la anayelipwa. Kwa ada ya huduma za kitaalamu na ushauri anayolipwa mkazi wa Tanzania, sehemu hiyo ni asilimia 5. Kwa pango la nyumba au ofisi analolipwa mkazi, ni asilimia 10. Kwa gawio la hisa, ni asilimia 10, isipokuwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo hukatwa asilimia 5.

Kosa la ndugu yetu lilianzia hapa: aliichukua ile asilimia 5 kuwa ndiyo kodi yake. Kumbe kwa ada ya ushauri ile ni malipo ya awali tu, kama mtu anayetanguliza sehemu ya bei dukani na salio akaliacha kwa baadaye. Kodi yenyewe hujulikana mwaka unapokwisha, mapato yote yakijumlishwa na gharama za kazi zikitolewa. Kinachobaki baada ya gharama ndicho kinachotozwa, na kile kilichozuiwa hutolewa katika deni.

Sasa tutazame mwaka wake. Chama cha ushirika cha kahawa mjini Bukoba kilimpa kazi ya shilingi 8,000,000, kikazuia 400,000. Shirika moja lisilo la kiserikali la Muleba lilimpa kazi ya 6,000,000, likazuia 300,000. Hoteli moja ya Bukoba ilimpa kazi ya 4,000,000, ikazuia 200,000. Mteja wa nne alikuwa familia iliyotaka hesabu za mali ya marehemu ziandikwe vizuri kabla ya mirathi kugawanywa. Ikamlipa 2,000,000 bila kukata chochote.

Huyo wa nne hakufanya kosa. Wajibu wa kuzuia haumhusu mtu binafsi anayelipa kwa shughuli zake za nyumbani. Unamhusu mtu binafsi pale tu anapolipa katika kuendesha biashara yake. Kwa hiyo mshauri asishangae kuona wateja watatu wamekata na mmoja hakukata. Wala asidhani kwamba ile 2,000,000 isiyokatwa iko nje ya kodi. Nayo huingia katika jumla.

Jumla ya ada zake ni 20,000,000. Gharama za kazi zilikuwa 8,000,000: nauli za Bukoba na Muleba kwa njia ya Kemondo, pango la chumba cha ofisi, uchapaji, mawasiliano, na malipo ya kijana aliyemsaidia kukusanya takwimu. Gharama hizo zote anazo risiti zake. Faida yake basi ni 12,000,000.

Kwa mtu binafsi mkazi, viwango vinavyotumika tangu Julai 2021 ni vya ngazi. Shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi. Zinazofuata hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8, nazo zinatoa 240,000. Kutoka hapo hadi 9,120,000 ni asilimia 20, zinatoa 576,000. Kutoka hapo hadi 12,000,000 ni asilimia 25, zinatoa 720,000. Kinachozidi 12,000,000 hutozwa asilimia 30, lakini yeye hakufika huko. Jumla ya kodi yake ya mwaka ni 1,536,000.

Katika hiyo, wateja watatu wamekwisha kumtangulizia 900,000. Deni lake halisi ni 636,000. Hilo ndilo alilodaiwa, na si mara ya pili ya kodi ileile. Ni salio lake.

Pengine msomaji atauliza kwa nini asitumie ule utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, wanaolipa kiasi kilichopangwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka. Utaratibu huo hauwahusu watoa huduma za kitaalamu na mafunzo, hata kama mapato yao ni madogo. Mshauri hana budi kutunza hesabu, na faida yake ni kwamba gharama zake hutambuliwa.

Tunafika sasa kwenye karatasi tuliyoitaja. Mteja akizuia kodi, anatakiwa kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi alioizuia, na kumpa aliyekatwa cheti cha kodi ya zuio. Cheti hicho hutaja aliyekata, aliyekatwa, namba za utambulisho wa mlipakodi za wote wawili, kiasi ghafi cha malipo na kodi iliyozuiwa. Ndicho kinachoifanya ile 400,000 ihesabike kuwa ni yako.

Ndugu yetu alikuwa na vyeti viwili, cha ushirika na cha shirika la Muleba. Cha hoteli hakuwahi kukiomba. Alipojaza ritani aliweza kuthibitisha 700,000 tu, na salio likasomeka 836,000 badala ya 636,000. Ile 200,000 ya hoteli ilitoka mfukoni mwake Novemba, na sasa ilikuwa iko karibu kutoka tena Juni. Hivi ndivyo mtu anavyolipa mara mbili.

Wengine hudhani taarifa ya benki inatosha. Haitoshi, kwa sababu inaonyesha tu kuwa iliingia 3,800,000 na si 4,000,000. Haisemi ile tofauti ilikwenda wapi. Huenda ilikuwa kodi, huenda ilikuwa punguzo mliloafikiana, huenda mteja bado anadaiwa. Ni kweli kwamba sheria inamhesabu aliyekatwa kuwa amelipa kile alichokatwa, hata kama mteja hakukifikisha. Lakini ni juu yake kuonyesha kuwa alikatwa, na kwa kodi ipi. Asiye na cheti atalazimika kujenga ushahidi kwa mkataba, ankara, barua ya mteja na taarifa ya benki. Hiyo ni safari ndefu kuliko kudai cheti mapema.

Tena cheti kikifika, kisomwe kabla ya kuwekwa kwenye faili. Tumeona aina tatu za dosari. Ya kwanza ni namba ya utambulisho iliyokosewa tarakimu moja, ikaipeleka kodi kwa mtu mwingine. Ya pili ni jina la biashara lililoandikwa mahali pa jina la mlipakodi mwenyewe, yasioane na kumbukumbu za TRA. Ya tatu ni kiasi ghafi kuandikwa kile kilichoingia benki. Cheti kinachosema malipo yalikuwa 7,600,000 na kodi 400,000 hakilingani na asilimia 5, na afisa yeyote makini atakiuliza. Dosari hizi husahihishwa na mteja aliyekata, si na aliyekatwa. Kwa hiyo ni heri zionekane wakati kazi bado ni mbichi na mhasibu anaikumbuka.

Dawa yake ni daftari moja. Kwa kila ankara, andika mstari mmoja: namba ya ankara, tarehe, mteja, kiasi ghafi, kodi inayotarajiwa kuzuiwa, kiasi kilichoingia benki na tarehe yake, na mwisho nafasi ya cheti. Nafasi hiyo ikibaki tupu mwezi mzima baada ya fedha kuingia, mwandikie mteja. Ndugu yetu ana wateja wanne tu kwa mwaka. Mwenye wateja kumi na watano atakuwa na nafasi tupu nyingi kiasi cha kutozikumbuka kwa kichwa.

Daftari hilo linazuia kosa jingine, la kuandika mapato kwa kile kilichoingia benki. Wateja wake watatu waliingiza jumla ya 17,100,000, na familia ile 2,000,000, hivyo benki ilionyesha 19,100,000. Angeandika hizo kuwa ndizo mapato, kisha akadai tena kuondolewa 900,000 katika kodi, angekuwa ameitoa 900,000 mara mbili. Mapato ni ghafi, yaani 20,000,000. Kilichozuiwa kilikuwa mali yake na kimelipwa kwa niaba yake.

Lipo pia suala la makubaliano. Mshauri na mteja wanapoafikiana bei kwa mdomo, mara nyingi kila mmoja ana hesabu yake. Mteja anasema milioni mbili akimaanisha kabla ya kukata. Mshauri anasikia milioni mbili mkononi. Ikiwa kweli mmeafikiana zifike 2,000,000 mkononi, ankara haipaswi kusema 2,100,000, kwa maana asilimia 5 ya hizo ni 105,000 na mkononi zitabaki 1,995,000. Gawanya 2,000,000 kwa 0.95, upate 2,105,263. Zuio ni 105,263, na kinachobaki ni 2,000,000 kamili. Mkataba uandike wazi kama bei ni kabla ya zuio au baada yake. Mstari huo mmoja huondoa manung'uniko ambayo huvunja udugu.

Hadi hapa tumemtazama ndugu yetu kama mtu anayekatwa. Lakini barua yake ilikuwa na sentensi moja aliyoiandika kwa kupita tu, nayo ilitushtua: "Nimepanga chumba cha ofisi mjini kwa 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba nimemlipa miezi sita." Hapa yeye si anayekatwa tena. Ni mtu binafsi, ndiyo, lakini analipa pango katika kuendesha biashara yake. Kwa hiyo sheria inamtaka yeye azuie asilimia 10.

Kwa miezi sita ya 600,000, alipaswa kumpa mwenye nyumba 540,000 na kuzuia 60,000. Kisha angeitangaza kodi hiyo katika mfumo wa TRA, apate namba ya kumbukumbu ya malipo, alipe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na kumkabidhi mwenye nyumba cheti chake. Naye mwenye nyumba angekitunza kama sisi tunavyotunza vyetu. Vivyo hivyo kwa yule kijana wa takwimu: kama kazi aliyompa ni huduma ya kitaalamu kwa ankara na si ajira, asilimia 5 ilikuwa juu ya ndugu yetu kuizuia.

Asiyezuia hasameheki kwa kusema hakujua. TRA inaweza kumdai yeye ile 60,000 ambayo hakuikata, pamoja na riba ya kuchelewa, wakati fedha yote imekwishafika kwa mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi wa mijini hukataa, wakisema, "Kodi yako isiniguse, mimi nataka laki sita zangu." Akikubali sharti hilo, mpangaji ajue kwamba ameongeza pango. Ili mwenye nyumba apate 600,000 kamili, pango ghafi ni 600,000 kugawanywa kwa 0.9, yaani 666,667, na zuio ni 66,667. Heri kumweleza mwenye nyumba kabla ya kutia saini kwamba kinachokatwa hutumwa kwa jina lake, na si faida ya mpangaji. Tofauti ya 66,667 kwa miezi sita si ndogo kwa anayeanza.

Tena tuseme wazi: fedha uliyoizuia kwa mwingine ni amana mikononi mwako. Haikuwa yako kabla, wala haikuwa yako baada ya kukata. Mteja anayekata kodi ya mshauri akaizungusha katika biashara yake miezi mitatu, na mshauri anayekata pango akalinunulia mahitaji ya nyumbani, wako katika jambo moja.

Limebaki gawio. Ndugu yetu ana hisa chache za kampuni ya saruji iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Gawio lake lilikuwa 200,000. Likakatwa asilimia 5, yaani 10,000, akapokea 190,000. Kama hisa zingekuwa za kampuni ya Tanzania isiyoorodheshwa, angekatwa 20,000.

Katika barua yake alitaka ile 10,000 nayo ipunguze deni lake la 636,000. Haiwezekani, na sababu yake inafaa kueleweka. Zuio la ada ya ushauri ni malipo ya awali, kwa hiyo hurudi katika hesabu ya mwisho. Zuio la gawio analopata mkazi kutoka kampuni ya hapa nchini ni kodi ya mwisho. Likishakatwa, hesabu ya gawio hilo imefungwa. Gawio haliingizwi katika 20,000,000 zake, wala 10,000 haidaiwi. Kwake yeye hili ni nafuu. Kama gawio lingejumlishwa na faida yake iliyofika 12,000,000, lingetozwa asilimia 30, yaani 60,000 badala ya 10,000. Hivyo vyeti vya ada na karatasi za gawio visiwekwe katika bahasha moja.

Mwisho, tuzungumzie wakati, kwa kuwa deni la 636,000 likisubiriwa lote hadi mwisho huwa zito. Mlipakodi anayejitegemea hutakiwa kuwasilisha makadirio ya kodi ya mwaka kufikia tarehe 31 Machi, na kulipa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho ya mwaka huo, pamoja na salio lolote, hufika TRA kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Wengi hugawanya kodi ya mwaka kwa nne na kulipa 384,000 kila awamu, wakisahau kuwa wateja wao wanawatangulizia. Katika kukokotoa kila awamu, kodi iliyokwisha kuzuiwa mwaka huo huondolewa kwanza. Ndugu yetu alikuwa amekatwa 400,000 na ushirika mwezi Februari. Kufikia 31 Machi, 1,536,000 zikitolewa 400,000 zinabaki 1,136,000, na robo yake ni 284,000. Zile 100,000 alizozidisha angezitumia katika nauli na uchapaji badala ya kuzisubiri zirudi.

Tulimshauri ndugu yetu mambo matatu. Airudie hoteli na kuomba cheti cha 200,000, akiambatanisha nakala ya ankara yake na namba yake ya utambulisho. Aende ofisi ya TRA Bukoba kwa hiari yake na kueleza suala la pango la ofisi kabla hajaulizwa. Na mikataba yake mipya itaje kiasi ghafi, kiwango cha zuio na siku ambayo cheti kitatolewa.

Amerudi kutuarifu kuwa mhasibu wa hoteli alikipata cheti katika mfumo, kimekaa tangu Desemba, hakuna aliyekiomba. Kuhusu pango, mazungumzo na mwenye nyumba yanaendelea.

Wabillahi tawfiq.